Muswada uliokataliwa: namna ya kuuhamishia jarida lingine bila kuuvuruga

Barua ya kukataliwa ilitufikia siku ya tisa tangu tuwasilishe. Mhariri aliandika mistari minne: makala haikuendana na upeo wa jarida, hakuipeleka kwa wahakiki, anatutakia heri kwingine. Muswada wetu ulihusu wagonjwa wa shinikizo la damu wanaoacha kuhudhuria kliniki za hospitali za wilaya. Ulikuwa na maneno 6,180, majedwali saba, vielelezo viwili, ikisiri ya aya moja, na marejeo kwa mtindo wa jina na mwaka. Jarida tulilolichagua baadaye, BMJ Open, linashauri makala ya utafiti isizidi maneno 4,000, majedwali na vielelezo visizidi vitano kwa jumla, ikisiri iwe na vichwa vidogo na isizidi maneno 300, na marejeo yawe ya namba.

Nitaufuata muswada huo mmoja mwanzo hadi mwisho, kwa mpangilio ambao sasa ndio ninaoutumia kila mara. Mpangilio ndio wenye uzito hapa. Wengi huanza kwa kupunguza sentensi moja moja, na baada ya wiki nzima wanakuta wameondoa maneno 500 tu na makala imekauka. Sisi tulianza kwa kuamua ni majedwali gani yanabaki. Maandishi yalipungua yenyewe baada ya hapo.

Hatua ya 1: Isome barua kabla ya kufungua faili

Kwanza hakikisha kuwa umekataliwa kweli. Barua nyingine husema makala haiwezi kupokelewa "katika hali yake ya sasa" lakini inaruhusu kuwasilishwa upya baada ya marekebisho. Hiyo bado ni nafasi, na mara nyingi ni nafasi nzuri kuliko kuanza upya kwingine. Na kama umekata rufaa kwa mhariri, muswada bado uko mikononi mwa jarida lile. Kuupeleka jarida la pili wakati la kwanza halijatoa uamuzi wa mwisho ni kosa la maadili ya uchapishaji, na wahariri wakiligundua huikataa makala pande zote mbili.

Pili, tazama kama kuna maoni ya wahakiki. Sisi hatukuwa nayo. Kama wewe unayo, yaandike yote kwenye orodha na uyafanyie kazi yale ya msingi kabla ya kugusa kiolezo chochote. Usifikiri kuwa kwa kuhama jarida maoni yale yamekwisha. Watu wanaoijua mada yako vizuri si wengi, na mhariri mpya anaweza kumtumia muswada mhakiki yuleyule. Akifungua faili akakuta kosa alilolieleza miezi mitatu iliyopita liko palepale, hana sababu ya kukusaidia tena.

Wachapishaji wakubwa wakati mwingine hutoa njia ya kuuhamisha muswada kwenda jarida dada kwa kubofya kiungo kilichomo kwenye barua. Kiungo hicho huhamisha mafaili na pengine maoni ya wahakiki. Hakibadilishi urefu, ikisiri wala marejeo. Kazi yote inayoelezwa hapa chini inabaki yako.

Hatua ya 2: Tengeneza karatasi ya tofauti

Fungua ukurasa wa mwongozo kwa waandishi wa jarida jipya, na pembeni fungua makala mbili zilizochapishwa humo karibuni zenye aina ya utafiti kama wako. Mwongozo utakuambia sheria. Makala zitakuonyesha jinsi sheria hizo zinavyotekelezwa, maana kuna mambo ambayo mwongozo hutaja kwa neno moja tu.

Chora jedwali la safu tatu: jambo, tulichonacho, wanachotaka. Letu lilikuwa na mistari kumi na minne. Mistari iliyotugharimu ilikuwa mitano: urefu wa makala, idadi ya majedwali, ikisiri, marejeo, na sehemu ambazo hatukuwa nazo kabisa. Andika pia tarehe uliyousoma mwongozo, kwa kuwa kanuni hubadilika. Nakala uliyohifadhi mwaka jana isikupe uhakika wa leo.

Soma kwa makini kinachohesabiwa. Kikomo cha maneno 4,000 cha BMJ Open ni cha maandishi ya ndani tu; ikisiri, majedwali, shukrani na marejeo hayamo. Majarida mengine huhesabu kila kitu. Tofauti hiyo inaweza kufika maneno 2,000, na nimeshuhudia watu wakikata nyama ya makala yao bure kwa kutosoma mstari huo mmoja.

Kuna mambo mawili ya kutazama kabla hujaamua kuendelea. La kwanza ni kama jarida linapokea muswada wa mara ya kwanza kwa mtindo wowote. Majarida mengi ya Elsevier na ya Taylor & Francis huruhusu hivyo, na kiolezo hudaiwa wakati wa marekebisho tu. Hapo usipoteze siku tatu kupanga marejeo. Lakini uhuru huo ni wa mwonekano; kikomo cha maneno kwa kawaida kinabaki. La pili ni ada. Kama jarida hutoza waandishi, tafuta masharti ya msamaha sasa hivi. Majarida mengi hutaka ombi la msamaha liletwe wakati wa kuwasilisha, na ukisubiri hadi makala ikubaliwe, mlango umefungwa.

Jiulize pia kama kukata ni lazima. PLOS ONE haiweki kikomo cha maneno ya makala, na majarida mengi ya BMC hayaweki pia. Kama kila aya ya muswada wako inahitajika kweli, pengine jarida la namna hiyo ndilo linalokufaa. Sisi tulichagua BMJ Open kwa kuwa wasomaji tuliowalenga, madaktari na waendesha huduma, wanalisoma. Na kusema kweli, aya zetu nyingi hazikuhitajika.

Hatua ya 3: Badili mtindo wa marejeo kwanza, ndipo uhesabu maneno

Ushauri wa kawaida ni kuacha marejeo mwisho. Ukihama kutoka mtindo wa jina na mwaka kwenda wa namba, fanya kinyume chake. Sababu ni ya hesabu. Programu ya Word huhesabu kila jina na kila mwaka ulioko kwenye mabano kama maneno. Rejeo moja la waandishi kadhaa hula maneno manne. Ukibadili kuwa namba iliyoshikana na neno lililotangulia, halili chochote. Muswada wetu ulishuka kutoka maneno 6,180 hadi 5,890 bila kukata hata sentensi moja. Anayehama kinyume, kutoka namba kwenda majina, ajue kuwa muswada wake utarefuka kwa kiasi kama hicho.

Kwa anayetumia Zotero, kazi ni ya dakika chache: kwenye Word fungua kichupo cha Zotero, bofya `Document Preferences`, chagua mtindo wa jarida, subiri. Usibofye `Unlink Citations` katika hatua hii. Kitufe hicho hukata uhusiano kati ya maandishi na maktaba yako, na baada yake kila namba utaibadilisha kwa mkono. Kama jarida linataka faili lisilo na viungo hivyo, kibofye kwenye nakala ya mwisho kabisa, huku faili hai limehifadhiwa kwa jina lingine.

Kisha soma maandishi yote, maana programu hubadili alama lakini haisomi sentensi. Palipokuwa na mabano yenye jina na mwaka mwanzoni mwa sentensi, sasa pana namba inayojaribu kuwa kiima: "[12] walionyesha kuwa…" Tulikuta sita za namna hiyo. Ama andika jina la mtafiti kisha namba, ama geuza sentensi ianze na jambo lenyewe: "Nauli hutajwa mara nyingi kuwa sababu ya kuacha kliniki.[12]" Angalia pia alama za uandishi. Majarida ya BMJ hutaka namba ikae baada ya nukta au mkato bila nafasi. Mengine hutaka kabla. Marejeo yaliyomo ndani ya majedwali nayo huingia kwenye mfululizo, kufuatana na mahali jedwali linapotajwa kwa mara ya kwanza. Ukilihamisha jedwali, hakikisha mfululizo bado uko sawa.

Hatua ya 4: Chagua majedwali yanayobaki

Tulikuwa na majedwali na vielelezo tisa kwa jumla, tulihitaji vitano. Tuliyachapa yote, tukayatandaza mezani, tukaandika swali la utafiti kwenye karatasi ya juu: ni mambo gani yanayoambatana na mgonjwa kuacha kliniki ndani ya mwaka wa kwanza? Kila jedwali liliulizwa: ukiondoka, jibu linapungua?

Jedwali la sifa za washiriki lilibaki. Jedwali la uchambuzi mkuu lilibaki. Majedwali mawili ya uchambuzi wa jambo moja moja, moja la wanaume na moja la wanawake, tuliyaunganisha kuwa moja lenye safu za ziada. Mchoro wa jinsi washiriki walivyopatikana na kupungua ulibaki, kwa kuwa msomaji hawezi kuuamini utafiti bila kujua nani aliachwa nje. Kielelezo cha mwezi kwa mwezi kilibaki. Majedwali matatu yaliyosalia tuliyapeleka kwenye faili la ziada: orodha ya dawa, mgawanyo wa kila hospitali, na uchambuzi wa kupima kama matokeo yanasimama tukibadili tafsiri ya "kuacha kliniki".

Kuhusu hilo la mwisho tulibishana. Mtakwimu wetu hakupenda litoke.

"Dada, hili ndilo wahakiki watakalolitafuta," alisema.

"Watalipata kwenye faili la ziada, kaka. Kwenye makala tutaacha sentensi moja ya kusema matokeo hayakubadilika, na namba ya jedwali."

"Basi sentensi hiyo iwe kwenye matokeo. Ukiificha kwenye mbinu hakuna atakayeiona."

Alikuwa na haki, na ndivyo tulivyofanya. Kitu kinachopelekwa kwenye faili la ziada lazima kiache mlango wake ndani ya makala, mahali ambapo msomaji atauhitaji. Vinginevyo umekifuta.

Jihadhari na hila ya kubandika majedwali mawili yasiyohusiana na kuyaita moja, Jedwali 2a na 2b. Wahariri wanaijua, na huyahesabu kuwa mawili.

Hatua ya 5: Gawa maneno kama bajeti, kisha kata

Baada ya majedwali kutulia, hesabu maneno ya kila sehemu na uipe kila moja kiasi chake. Yetu yalikuwa hivi:

| Sehemu | Tulikuwa na | Tulijipa |
|---|---|---|
| Utangulizi | 1,080 | 480 |
| Mbinu | 1,430 | 1,290 |
| Matokeo | 1,620 | 1,010 |
| Mjadala | 1,760 | 1,170 |
| Jumla | 5,890 | 3,950 |

Tulijiachia maneno 50 pembeni, kwa kuwa waandishi wenza huongeza sentensi dakika za mwisho, na mfumo wa kuwasilisha unaweza kuhesabu tofauti na Word.

Anza na matokeo. Majedwali matatu yalipotoka, aya zilizoyaeleza zilitoka nayo, na hapo tu tulipunguza zaidi ya maneno 400. Yaliyobaki yalikuwa marudio: sentensi zinazosoma jedwali kwa sauti, safu baada ya safu. Kama umri, jinsia na elimu vimo kwenye Jedwali la 1, maandishi yataje kile kimoja kinachohitajika ili kuelewa kinachofuata.

Mbinu ziguse kidogo, na hapa ndipo nawasihi muwe waangalifu. Ni rahisi kukata mbinu, maana hazina hoja ya kutetewa, lakini mhakiki akikosa jinsi ulivyochagua washiriki atakukataa hata kama matokeo ni mazuri. Utafiti wa uchunguzi kama wetu una orodha ya STROBE, yenye vipengele 22 vinavyopaswa kuonekana. Tuliiweka pembeni, na kabla ya kufuta sentensi yoyote ya mbinu tulitazama kama inabeba kipengele cha orodha. Inayobeba ilifupishwa, isiyobeba iliondoka. Historia ya hospitali, idadi ya vitanda, umbali kutoka mji mkuu: vyote vilitoka, isipokuwa kile kilichohusu usafiri wa mgonjwa.

Utangulizi ndio uliokatwa sana. Tulikuwa tumeanza na ukubwa wa tatizo duniani, kisha Afrika, kisha Afrika Mashariki, kisha nchini, aya nzima kwa kila ngazi. Tuliacha aya tatu: tatizo lenyewe na mahali linapouma, kinachojulikana na kisichojulikana kuhusu kuacha kliniki, na tulichokusudia kufanya. Ukitaka kujua kama utangulizi wako umejaa mno, soma aya ya mwisho peke yake, kisha panda juu ukiuliza kila aya inaiandalia nini. Isiyo na jibu iondoke nzima.

Mjadala hukatwa kwa karibu zaidi. Makala ilikuwa ya Kiingereza, lakini hii hapa aya moja kwa Kiswahili, jinsi ilivyokuwa:

> Matokeo yetu yanaonyesha kuwa wagonjwa wanaoishi mbali na hospitali wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuacha kliniki. Matokeo haya yanafanana na yale ya tafiti nyingine zilizofanyika katika nchi mbalimbali, ambazo nazo zilionyesha kuwa umbali ni kikwazo. Sababu inayoweza kueleza jambo hili ni kwamba wagonjwa wanaoishi mbali hulazimika kulipa nauli kubwa na kupoteza siku nzima ya kazi, na wengi wao hawajisikii wagonjwa. Hivyo basi, kuna haja ya kufanya tafiti zaidi kuhusu jambo hili.

Na jinsi ilivyobaki:

> Walioishi mbali waliacha kliniki zaidi, kama ilivyoonekana kwingine.[14,17,21] Safari inadai nauli na siku nzima ya kazi, kwa ugonjwa ambao wengi hawausikii mwilini.

Aya ya maneno zaidi ya 70 imekuwa ya 22 hivi. Kilichotoka ni kurudia matokeo kwa urefu, kutangaza kuwa sababu inafuata, na ile sentensi ya "tafiti zaidi" tuliyokuwa tumeiandika mwishoni mwa aya tano. Kilichobaki ni hoja. Na naona hoja imesikika zaidi.

Sentensi ya tahadhari usiiguse. Ukikosa nafasi utashawishika kufuta "utafiti huu ni wa uchunguzi, hauwezi kuthibitisha chanzo". Ukiifuta, madai yako yamekua bila ushahidi kuongezeka, na mhakiki mzuri ataliona hilo mara moja.

Hatua ya 6: Andika upya ikisiri, na uandike sehemu ambazo hukuwa nazo

Ikisiri ya aya moja haikatwi vipandevipande na kuwekewa vichwa. Tulijaribu, tukajikuta na kichwa cha washiriki kisicho na kitu chini yake, kwa kuwa ikisiri ya zamani haikuwataja. BMJ Open hutaka malengo, muundo wa utafiti, mahali, washiriki, vipimo vikuu na vya pili, matokeo, na hitimisho. Nilifungua faili tupu, nikaandika vichwa hivyo, nikajaza kila kimoja kutoka kwenye makala mpya iliyokwishakatwa. Mahali na muundo ni mstari mmoja mmoja. Matokeo yapewe karibu nusu ya maneno yote, yakiwa na namba halisi. Hitimisho lijibu malengo, na lisilete jambo ambalo halimo kwenye matokeo.

Baada ya ikisiri jarida hilo hutaka sehemu inayoitwa `Strengths and limitations of this study`: vidokezo visivyozidi vitano, kila kimoja sentensi moja, kuhusu mbinu tu. Hapa ndipo wageni wengi hukosea. Wanaandika "Utafiti huu umegundua kuwa umbali ni kikwazo kikubwa". Hayo ni matokeo, na mhariri atarudisha faili. Kidokezo sahihi ni kama hiki: "Taarifa za mahudhurio zilitoka kwenye rejista za kliniki, hivyo hazikutegemea kumbukumbu ya mgonjwa." Na cha upungufu: "Wagonjwa waliohamia vituo vingine bila taarifa walihesabiwa kuwa wameacha." Vyote viwili vinamwonyesha msomaji jinsi data zilivyopatikana.

Ndani ya mbinu majarida ya BMJ hudai pia maelezo ya jinsi wagonjwa na wananchi walivyoshirikishwa kupanga utafiti. Kama hawakushirikishwa, andika hivyo waziwazi. Usitunge ushirikishwaji baada ya kazi kwisha.

Anayekwenda majarida ya BMC atakuta mahitaji mengine. Ikisiri yake huwa na vichwa vinne tu, usuli, mbinu, matokeo na hitimisho, ndani ya maneno 350. Baada ya hitimisho la makala hufuata sehemu ya matamko: kibali cha maadili na ridhaa ya washiriki, ridhaa ya kuchapisha, upatikanaji wa data, maslahi yanayogongana, ufadhili, mchango wa kila mwandishi, shukrani. Kila kichwa hubaki hata kama huna cha kuandika. Unaandika kuwa hakihusiki. Kichwa kinachokosekana ni sababu ya kawaida sana ya faili kurudishwa kabla mhariri hajalisoma.

Hatua ya 7: Vielelezo na kiolezo

Kama jarida lina kiolezo cha Word, usifungue muswada wako na kuubadili ufanane nacho. Fungua kiolezo kitupu, kisha ulete maandishi sehemu moja moja, ukibandika bila umbizo la zamani, na uvipe vichwa mitindo ya kiolezo hicho. Ukileta muswada mzima kwa mkupuo, mitindo ya faili la kwanza huja nao, na utashinda ukiwinda vichwa vinavyobadilika rangi vyenyewe. Onyo moja: kubandika kama maandishi matupu huua viungo vya Zotero. Chagua namna ya kubandika inayounganisha umbizo, kisha bofya rejeo moja uone kama bado ni hai kabla ya kuendelea.

Vielelezo usivitoe kwenye Word. Picha iliyokwisha kubandikwa humo huwa imebanwa, na ukiihifadhi upya huwezi kuurudisha ubora uliopotea. Rudi kwenye programu uliyochorea. Kwa anayetumia R, amri ni hii:

```r
ggsave("kielelezo2.tiff", plot = p,
       width = 18, height = 11, units = "cm",
       dpi = 300, compression = "lzw")
```

Amua upana kwa sentimita hapahapa, usivute pembe za picha baadaye. Ukivuta, maandishi ya kwenye mihimili hupungua pamoja na picha, na kwenye ukurasa uliochapwa hayasomeki. Ichapishe kwa ukubwa wake halisi. Kama unakaza macho kusoma mhimili, ongeza ukubwa wa herufi ndani ya R.

Hatua ya 8: Futa nyayo za jarida la kwanza, kisha linganisha namba

Tafuta jina la jarida la zamani katika kila faili: makala, barua, faili la ziada, hata majina ya mafaili. Angalia sehemu ya juu na chini ya ukurasa. Kama uhakiki ni wa kuficha majina, fungua sifa za faili uondoe jina la mwandishi, na usisahau shukrani na jina la hospitali kwenye maelezo ya kibali.

Barua kwa mhariri iandike upya. Aya moja ieleze utafiti ulichokipata, nyingine ieleze kwa nini wasomaji wa jarida hili wanaihitaji, kisha matamko wanayodai. Jarida likiuliza kama muswada uliwahi kuwasilishwa kwingine, jibu ukweli. Kukataliwa si doa, na maoni ya wahakiki wa awali yakiambatanishwa na majibu yako yanaweza kufupisha safari.

Sasa linganisha namba. Chukua kalamu na nakala iliyochapwa. Kila namba ya ikisiri itafute kwenye matokeo, na kila namba ya matokeo itafute kwenye jedwali. Sisi tulikuta idadi moja ya washiriki kwenye ikisiri na nyingine kwenye Jedwali la 1. Tulipoyaunganisha majedwali ya wanaume na wanawake, watu wanne wasiokuwa na jinsia kwenye rejista walikuwa wamedondoka. Hakuna programu ambayo ingetuonyesha hilo. Tulikuta pia "Jedwali la 6" likitajwa mara mbili, wakati makala sasa ilikuwa na majedwali matatu tu. Tafuta neno "jedwali" na neno "kielelezo" moja baada ya jingine, ukihakiki kila linapotajwa. Orodha ya STROBE nayo ina namba za kurasa, na zote zimehama. Zijaze mwisho kabisa.

Watumie waandishi wenza toleo hilo pamoja na orodha fupi ya kilichotoka, na uwape tarehe ya kujibu. Ruhusa waliyoitoa kwa jarida la kwanza haitoshi, kwa kuwa makala iliyokatwa theluthi ni makala tofauti, na huenda kilichotoka ndicho kilichokuwa mchango wa mmoja wao. Kama taasisi yako au mamlaka iliyokupa kibali cha utafiti hutaka kuona muswada kabla haujachapishwa, soma tena masharti yao. Kichwa cha makala yetu kilikuwa kimebadilika, tukaona ni heri kuwapelekea toleo jipya.

Ukipandisha mafaili, mfumo utayaunganisha kuwa PDF moja na kukuomba uidhinishe. Isome yote hata kama ni usiku. Hapo ndipo herufi za Kigiriki hugeuka miraba, jedwali pana hukatwa safu ya mwisho, na faili la ziada la toleo la zamani hujitokeza. La kwetu lilijitokeza. Tuliliondoa, tukapandisha jipya, tukasubiri PDF iundwe tena, tukaisoma mara ya pili, ndipo nikabofya kuidhinisha na kunakili namba ya muswada kwenye ile karatasi ya tofauti.